Mpe x1 jina lake kwanza: kuupima mfumo bila kubahatisha

*Mwalimu, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, hapa Nairobi. Kwenye mtihani wa ishara na mifumo nilisema y(t) = x(2t) haubadiliki na wakati, nikakosa. Nikasema y[n] = 2x[n] + 3 ni mfumo wa mstari kwa sababu grafu yake ni mstari ulionyooka, nikakosa tena. Kisha y(t) = x(t)cos(t + 1) nikasema unachungulia mbele, yaani unahitaji ingizo ambalo bado halijafika, kwa sababu ya ile t + 1, nikakosa mara ya tatu. Ufafanuzi wote naujua kwa kichwa. Nakosea wapi?*

Njema, karibu. Mara zote tatu umeitazama fomula usoni ukaihukumu kwa sura. Mfumo si sura ya fomula. Mfumo ni kanuni: unaupa ishara nzima, nao unakupa ishara nzima nyingine. Ndani ya fomula hiyo kuna vitu vya aina mbili, na ndipo wengi wanapopotelea. Kuna ingizo, yaani x yenyewe. Halafu kuna mali ya mfumo wenyewe, kama ile 2, ile 3, ile 2t ndani ya mabano ya x, ile cos(t + 1), au n iliyosimama peke yake nje ya mabano ya x. Unapofanya jaribio unabadilisha ingizo tu. Mali ya mfumo huigusi.

Tuanze na kitu unachokiona kila siku. Makanga anakusanya nauli. Abiria waliopanda saa ya n ni x[n], nauli ya saa hiyo ni c[n], na fedha alizopata ni y[n] = c[n]x[n]. Tuseme mchana nauli ni shilingi 80, na jioni mvua ikinyesha ni 150. Abiria 10 wa mchana wanampa 800. Abiria walewale 10 wakichelewa hadi jioni, hapati 800 iliyochelewa, anapata 1,500. Kwa hiyo mfumo huu unabadilika na wakati. Lakini ni wa mstari: abiria 10 wakiongezwa 4 kwenye saa ileile, fedha ni zile za 10 kujumlisha zile za 4, bila mabishano. Tabia hizi mbili hazifuatani. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo mwanafunzi akishaona mfumo unabadilika na wakati anaandika papo hapo kwamba si wa mstari, kana kwamba dhambi moja huleta nyingine.

Sasa tuseme makanga huyu ni mjanja, saa hii anatoza nauli ya saa ijayo: y[n] = c[n + 1]x[n]. Je, amechungulia mbele? Hapana. Orodha ya nauli anayo tayari kichwani. Ili ajue fedha za saa hii anahitaji kuwahesabu abiria wa saa hii tu, hana haja ya kujua nani atapanda baadaye. Hiyo ndiyo cos(t + 1) yako. Ni namba ambayo mfumo unaijua kwa kila t, haitoki kwenye ingizo. Swali la kuchungulia mbele linahusu thamani za x peke yake. Mfumo ule hauchungulii, tena hauna hata kumbukumbu, kwa kuwa y(5) inahitaji x(5) na basi.

Twende kwenye x(2t), maana hapo ndipo mtego wenyewe ulipo. Jaribio la kubadilika na wakati lina njia mbili. Ya kwanza: chelewesha ingizo, kisha lipitishe kwenye mfumo. Ya pili: lipitishe ingizo la awali kwenye mfumo, kisha chelewesha tokeo. Njia zote mbili zikikufikisha mahali pamoja, kwa kila ingizo na kwa kila muda wa kuchelewesha, basi mfumo haubadiliki na wakati. Nadhani wewe ulichofanya ni kuweka t − 2 kila mahali penye t, ukapata x(2(t − 2)), kisha ukafanya jambo lilelile mara ya pili ukapata jibu lilelile. Bila shaka yatalingana! Umepita njia ya pili mara mbili, ya kwanza hujaikanyaga.

Dawa yake ni ndogo lakini inafanya kazi: ingizo jipya lipe jina lake kabla ya kuligusa. Andika x1(t) = x(t − 2). Sasa uisome kanuni ya mfumo kwa sauti: "chukua ingizo ulilopewa, popote penye t ndani ya mabano yake weka 2t." Ingizo ulilopewa ni x1, kwa hiyo tokeo lake ni y1(t) = x1(2t). Hapo ndipo unapolifungua jina: x1 ya kitu chochote ni x ya kitu hicho ukitoa 2, kwa hiyo x1(2t) = x(2t − 2). Njia ya pili inakupa y(t − 2) = x(2(t − 2)) = x(2t − 4). Mbili na nne hazilingani, kazi imekwisha.

Kama herufi hazikutoshi, chora. Chukua ishara ya mstatili yenye thamani 1 kuanzia sekunde 0 hadi sekunde 2, na 0 kwingineko. Mfumo unaibana nusu, tokeo ni 1 kuanzia 0 hadi 1. Sasa chelewesha ingizo kwa sekunde 2: mstatili unakaa kati ya 2 na 4. Ukibanwa nusu unakaa kati ya 1 na 2. Lakini tokeo la awali likicheleweshwa kwa sekunde 2 lingekaa kati ya 2 na 3. Unaona kilichotokea? Mfumo haukuubana mstatili peke yake, umebana pia ule muda wa kuchelewa, sekunde 2 zikawa 1. Ni kama kucheza rekodi kwa kasi maradufu: ukimya wa mwanzoni nao unapita haraka.

Sheria ya haraka inatokana na hapo. Ukiona t au n imesimama peke yake nje ya x, au imezidishwa kwa kitu kingine kisicho 1 ndani ya mabano ya x, shuku kwamba mfumo unabadilika na wakati. Nasema shuku tu. Jibu unalipata kwa jaribio.

Pengine unajiuliza kwa nini wahadhiri wanaling'ang'ania jambo hili. Chukua y[n] = n·x[n]. Kwenye kozi hiyohiyo umefundishwa kwamba ukiupa mfumo pigo moja, δ[n], yenye 1 pale n = 0 na 0 kwingineko, unapata jibu la pigo h[n], na konvolusheni ya h na ingizo lolote itakupa tokeo lake. Haya, upe mfumo huu pigo. Pale n = 0 unapata 0 × 1 = 0. Kwingineko ingizo lenyewe ni 0. Kwa hiyo h[n] ni sifuri tupu. Konvolusheni yako sasa inadai kwamba mfumo huu hutoa sifuri kwa kila ingizo chini ya jua, ilhali ukiupa x[n] = 1 kwa kila n, kuanzia n = 1 unakupa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Konvolusheni haijakosea. Imetumika pasipostahili, kwa sababu pigo likichelewa nafasi moja, δ[n − 1], mfumo unatoa 1 pale n = 1, si sifuri iliyochelewa. Mfumo ni wa mstari kabisa, lakini unabadilika na wakati, na hilo moja linatosha kuivunja hesabu yote ya konvolusheni.

Sasa 2x[n] + 3. Jina "wa mstari" ndilo limekuponza. Kwenye jometri, y = 2x + 3 ni mstari ulionyooka na hakuna anayebisha. Kwenye mifumo, neno hilo lina masharti mawili: matokeo ya jumla yawe jumla ya matokeo, na ukikuza ingizo kwa namba fulani tokeo nalo likue kwa namba hiyohiyo. Weka namba. Ingizo 1 linatoa 5. Ingizo 2 linatoa 7. Jumla ya matokeo ni 12. Lakini ingizo 3 linatoa 9. Tofauti ni 3, ile 3 iliyohesabiwa mara mbili upande mmoja na mara moja upande mwingine. Ni kama bili ya maji yenye ada ya kudumu ya mita: nyumba mbili zenye mita mbili haziwezi kulipa sawa na nyumba moja iliyotumia maji ya zote mbili, kwa maana ada inalipwa mara mbili.

Njia ya mkato hapa ni kuupa mfumo sifuri. Mfumo wa mstari ukipewa sifuri kila wakati lazima utoe sifuri, kwa sababu kukuza kwa 0 ni kukuza pia. Mfumo wako unatoa 3, umeanguka. Lakini jaribio hili huangusha tu, halipitishi. y[n] = x[n]² unatoa sifuri ukipewa sifuri, ila ingizo 1 linatoa 1 na ingizo 2 linatoa 4 badala ya 2.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, nao vitabu vingi huuruka. Chukua sampuli tatu za mwisho, x[n], x[n − 1] na x[n − 2], zipange kwa ukubwa, na utoe ile ya katikati. Kichujio cha namna hii hutumika kweli, hasa kufuta vidoa vya ghafla kwenye picha au kwenye vipimo vya vihisi. Ukipewa sifuri kinatoa sifuri. Ukizidisha sampuli zote kwa 10, ya katikati nayo inazidishwa kwa 10, na hata ukizidisha kwa namba hasi mpangilio unageuka lakini wa katikati unabaki katikati. Sharti la kukuza limetimia. Sasa jaribu kujumlisha. Sampuli 1, 0, 0 zina 0 katikati. Sampuli 0, 1, 0 nazo zina 0 katikati. Zijumlishe: 1, 1, 0, na ya katikati ni 1. Sifuri na sifuri zimezaa moja. Kwa hiyo si wa mstari, ingawa umepita majaribio mawili kati ya matatu, na aliyeishia kwenye kukuza angeapa kwamba ni wa mstari. Pima yote mawili, kujumlisha na kukuza, au yapime pamoja kwa kuingiza a·x1 + b·x2.

Kosa linalofanana na lile la +3 hujificha kwenye mifumo yenye salio la kuanzia. Fikiria akaunti ya simu iliyofunguliwa siku ya 0 ikiwa na shilingi 500, na x[n] ndiyo pesa iliyoingia au kutoka siku ya n. Salio ni 500 kujumlisha x[0], x[1] hadi x[n]. Usiweke hata senti, bado linasoma 500, kwa hiyo mfumo si wa mstari. Kapasita iliyokuwa na chaji kabla ya swichi kufungwa ni vivyo hivyo, ndiyo sababu maswali husema "mfumo umetulia mwanzoni". Maneno hayo si mapambo.

Ondoa ile 500 na mfumo unakuwa wa mstari. Lakini je, unabadilika na wakati? Wengi husema haubadiliki, maana ni kujumlisha tu. Upe δ[n], pigo la siku ya 0: salio linakuwa 1 kuanzia siku hiyo na kuendelea. Sasa liwahishe pigo kwa siku moja, liingie siku ya −1. Akaunti haikuwapo siku hiyo, hesabu inaanzia x[0], pigo halikuonekana, na salio ni 0 milele. Kama mfumo usingebadilika na wakati, tungepata 1 kuanzia siku ya −1. Kwa hiyo jumla inayoanzia k = 0 inabadilika na wakati, ilhali jumla inayoanzia k = −∞ haibadiliki. Kinachozitenganisha ni alama moja tu chini ya alama ya kujumlisha, na kwenye mtihani alama hiyo huwa imewekwa kwa makusudi.

Nirudi kwenye kuchungulia mbele, kwa sababu cos(t + 1) si mtego pekee. Upande wa pili kuna mifumo inayochungulia bila kuonyesha + yoyote. y(t) = x(t/2) inaonekana mpole. Pale t = 2 unahitaji x(1), ambayo imeshapita. Pale t = 10 unahitaji x(5), nayo imepita. Mwanafunzi anatosheka, anaandika kwamba hauchungulii. Sasa weka t = −2: unahitaji x(−1), na −1 inakuja baada ya −2. Umechungulia sekunde nzima mbele. Na y[n] = x[−n] ndivyo ilivyo: pale n = 3 unatazama −3, pale n = −3 unatazama 3. Jaribu muda chanya, jaribu sifuri, kisha jaribu muda hasi. Tumezoea mno kuanza saa kwenye sifuri hadi tunasahau kwamba mhimili wa wakati una upande wa kushoto.

Kumbukumbu haina mambo mengi. Uliza kama y ya wakati fulani inahitaji x ya wakati mwingine wowote, uliopita au ujao. Rezista haina kumbukumbu, volti ya sasa hivi ni mkondo wa sasa hivi mara R. Kapasita inayo, volti yake imebeba mikondo yote iliyotangulia. Zingatia neno "wowote": x(2t) yako ina kumbukumbu hata pale inapotazama mbele badala ya nyuma. Pale t = 1 inahitaji x(2), kwa hiyo pia inachungulia. Kwa lugha ya kawaida tungesema mtu anayekumbuka kesho ni mwendawazimu, lakini ndivyo neno linavyotumika kwenye fani hii.

Kwa sababu hiyo, mimi huanza na kumbukumbu kila mara. Mfumo usio na kumbukumbu hauwezi kuchungulia mbele, maana haugusi wakati mwingine wowote, na hapo umejibu maswali mawili kwa kazi ya moja. Kinyume chake hakifanyi kazi: mfumo wenye kumbukumbu unaweza kuchungulia au usichungulie, itabidi upime.

Na kuhusu alama. Unaposema hapana, mfano mmoja wenye namba unatosha, kama 5 + 7 dhidi ya 9, na huna haja ya kuandika zaidi. Unaposema ndiyo, namba hazitoshi hata ukijaribu elfu moja. Itakubidi utumie herufi, x1 na x2 zozote, a na b zozote, muda wowote wa kuchelewesha. Kwa x(2t), uthibitisho wa kuwa wa mstari ni huu mzima: weka x3(t) = a·x1(t) + b·x2(t), basi y3(t) = x3(2t) = a·x1(2t) + b·x2(2t) = a·y1(t) + b·y2(t). Ni mstari mmoja wa kuandika, na umeanza kwa kumpa x3 jina lake.